Shangazi, Mimi Si Bosi Wake. Nimwambie?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, sina mke wala mchumba. Ni kiongozi wa zamu katika kituo cha kupokea simu za wateja. Kuna dada aliajiriwa kwenye timu yangu kwa mkataba wa mwaka mmoja, na imebaki miezi minne uishe. Tangu aje moyo wangu haujatulia. Ni mchapakazi, ana heshima, na najua hana mtu. Nikimtania anacheka. Nikimwandikia usiku ananijibu hapo hapo. Wiki iliyopita nilimsifia nywele, akatabasamu akasema, "Asante bosi." Lakini mimi si bosi wake, bosi wetu sote ni meneja. Mimi napanga zamu, nasikiliza simu zilizorekodiwa na kujaza fomu za tathmini tu. Meneja ndiye anayesaini. Kanuni za kampuni hazikatazi wafanyakazi kupendana, zinasema uhusiano wenye mgongano wa maslahi uripotiwe. Sitaki kuwa mmoja wa wanaume wasumbufu. Nifundishe namna ya kumwonyesha kwamba nampenda bila kumvunjia heshima.*

*Kiongozi wa zamu*

Marahaba mwanangu.

Kwa sasa usimwambie. Sisemi hivyo kwa sababu kumpenda mtu mnayefanya naye kazi ni kosa. Watu wazima hukutana kazini, huzoeana, na ndoa nyingi nzuri zimeanzia huko. Nasema hivyo kwa sababu ya zile kazi tatu ulizozitaja haraka haraka kana kwamba hazina uzito: zamu, simu zilizorekodiwa na fomu. Nilifanya kazi ya rasilimali watu kwa miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na kesi zilizoniumiza zaidi hazikuwa za mabosi wakubwa waliojua wanachokifanya. Zilikuwa za watu kama wewe, wenye nia safi, walioamini kwamba hawana mamlaka.

Tuanze na fomu. Meneja anasaini, ndiyo, lakini anasaini nini? Meneja mwenye timu kadhaa hana muda wa kusikiliza simu za kila mfanyakazi. Anasoma alama ulizoweka na maelezo mawili matatu uliyoandika chini yake. Mkataba wa huyo dada utakapofikia ukingoni, swali la abaki au aondoke litajibiwa kwa karatasi zako. Sahihi ni ya meneja, uamuzi kwa sehemu kubwa ni wako. Halafu kuna zamu. Anayeweza kukupangia usiku wiki tatu mfululizo, au kukunyima siku ya mapumziko uliyoomba, ana mamlaka juu ya usingizi wako na juu ya watoto au wazazi unaowahudumia nyumbani. Hata asipoitumia nguvu hiyo vibaya, anayo, na aliye chini yake anajua kwamba anayo. Yeye mwenyewe alipokujibu alikuita bosi.

Makampuni makubwa yamelielewa jambo hili. Novemba 2019 bodi ya McDonald's ilimwondoa mkurugenzi wake mtendaji, Steve Easterbrook, kwa sababu ya uhusiano na mfanyakazi. Wakati ule bodi yenyewe ilisema uhusiano huo ulikuwa wa hiari. Hiari haikumwokoa, kwa kuwa kanuni za kampuni zilikataza meneja kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mtu aliye chini yake, moja kwa moja au kupitia wengine. Hilo la "kupitia wengine" ndilo linalokugusa. Kanuni za kampuni yako zimetumia maneno mapana zaidi, mgongano wa maslahi, na kumtathmini mtu unayemtaka ni mgongano wa maslahi hata kabla hajajua kwamba unamtaka. Kwa hiyo usisome kanuni zile kama mlango uliofunguliwa. Kwa mtu mwenye nafasi yako, zimeshakuambia usubiri.

Sasa zile dalili ulizoniandikia. Nataka uzipime kwa swali moja: kama dada huyu hakutaki kabisa, angefanya nini tofauti? Kiongozi wake akitoa utani, angenuna? Akipokea meseji ya mtu anayepanga zamu zake, angeiacha hadi asubuhi, wakati huenda inahusu zamu ya kesho? Akisifiwa nywele mbele ya meza yake na mtu anayempa alama, angesema "tafadhali usiniambie hivyo", huku mkataba umebakiza miezi minne? Wengi wasingethubutu. Wangecheka, wangejibu, wangetabasamu na kushukuru, kama alivyofanya yeye. Dalili ambayo ingeonekana vile vile akikupenda na asipokupenda haikuelezi chochote. Huenda anakupenda. Huenda kila usiku simu ikilia anashusha pumzi kabla ya kuifungua. Kutoka hapo ulipokaa huwezi kutofautisha, na ugumu huo umeletwa na nafasi yako, si na yeye.

Watafiti wawili, Vanessa Bohns na Lauren DeVincent, walichunguza suala hili miongoni mwa watu waliowahi kutongozwa na watu wasiowataka, na wale waliowahi kutongoza wakakataliwa. Walikuta kwamba anayetongoza hukadiria chini ugumu anaoupata mwenzake katika kukataa. Kwake ni swali dogo la ndiyo au hapana. Kwa anayeulizwa ni hesabu ndefu: nikisema hapana atanichukuliaje, nitakaaje naye chumba kimoja kesho, watu watasemaje. Hesabu hiyo ni nzito hata kati ya watu wa cheo kimoja. Ongeza fomu na mkataba juu yake.

Kuna zoezi moja ninalokuomba ufanye leo ukiwa peke yako. Fungua meseji zenu zote, uzisome toka mwanzo, ukiangalia mambo mawili: nani alianza kila mazungumzo, na yalihusu nini. Ziondoe zote zinazohusu zamu, ruhusa, wateja na kazi. Ondoa pia majibu yake ya heshima, yale mafupi ya "sawa", "asante", "usiku mwema" na vile vikaragosi vya kucheka. Angalia kilichobaki kutoka kwake. Je, aliwahi kukuandikia mwenyewe siku ambayo hakuwa na shida ya kikazi? Aliwahi kukuuliza jambo la maisha yako, akakumbuka jibu, akalirudia baadaye? Katika malalamiko niliyoyashughulikia mara nyingi tulikuta mfululizo mrefu ambao mmoja ndiye aliyeanza kila mara, na mwenyewe hakuwa ameliona hilo hadi karatasi zilipowekwa mezani. Hata ukikuta kwamba yeye huanza, bado huna ruhusa ya kusonga mbele sasa, maana kuna watu hujenga ukaribu na kiongozi ili wawe salama. Lakini ukikuta haanzi kamwe, jibu unalo, na utakuwa umejiokoa na umemwokoa.

Vyovyote utakavyokuta, meseji za usiku zisizo za kazi ziishe kuanzia leo. Maneno kuhusu nywele, mavazi, umbo na harufu yaishe pia. Usimwite pembeni kumwomba radhi kwa hotuba, kwa kuwa utamlazimisha akutulize, aseme "hapana, wala sikukasirika", na hiyo ni kazi nyingine unampa. Acha tu. Ukitaka kusifia, sifia simu ngumu aliyoimaliza vizuri, kwa maneno yale yale unayomwambia kaka anayekaa meza ya pili, na mbele ya watu.

Najua nia yako ni njema, lakini nia siyo kipimo pekee kinachotumika. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unahesabu kuwa unyanyasaji vitendo visivyokubalika vinavyolenga kuleta madhara, vinavyoyaleta, au vinavyoelekea kuyaleta, hata kama vimetokea mara moja. Unataja wazi kwamba mawasiliano yanayohusiana na kazi, pamoja na yale ya kielektroniki, yamo ndani ya ulimwengu wa kazi. Sisemi kwamba umemnyanyasa. Nasema kwamba ile meseji yako ya usiku haiko nje ya ofisi, hata ukiwa umelala kitandani kwako.

Umeniuliza namna ya kuonyesha mapenzi kwa heshima, na hilo nataka nilijibu kikamilifu, kwa sababu kuna hali ambazo inawezekana vizuri. Mchukulie mtu wa idara nyingine, mnaolingana vyeo, ambaye wewe huna neno katika mshahara, ratiba wala tathmini yake, naye hana katika zako. Hapo kutongoza kwa heshima huenda hatua ndogo ndogo, na kila hatua husubiri jibu. Unamsalimu na kuzungumza naye jambo lisilo la kazi, kisha unasubiri uone kama siku nyingine atalianzisha yeye. Akilianzisha, unaweza kuongeza kidogo: utani mwepesi usiohusu mwili wake, swali kuhusu alichokipenda wikiendi. Akiongeza na yeye, mnaendelea. Akijibu kwa adabu bila kuongeza kitu, unabaki ulipo, na ukirudi nyuma nusu hatua si vibaya. Mchezo wa watu wawili una zamu mbili. Mmoja akicheza zamu zote peke yake, mwenzake ameshatoka uwanjani. Ndiyo maana haraka huharibu. Anayeruka hatua tatu kwa siku moja hampi mwenzake nafasi ya kujibu popote isipokuwa pale mwisho, pagumu zaidi.

Mwaliko wenyewe ukifika, uwe mmoja. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Facebook na Google walikuwa na utaratibu ambao mimi naupenda kwa uwazi wake: mfanyakazi aliweza kumwalika mwenzake mara moja tu, na kwa Facebook jibu lisiloeleweka, kama "nina kazi nyingi" au "siku hiyo sitaweza", lilihesabiwa kuwa hapana. Wengine wameniambia ni ukali uliozidi, kwamba huenda kweli mtu ana kazi nyingi. Sawa, lakini anayekutaka akikosa nafasi Jumamosi atakutajia Jumapili. Asiyekutaka atasema "tutaangalia", na neno hilo amelichagua kwa upole ili asikuumize. Ukimfuata tena baada ya hapo, unamwadhibu kwa upole wake.

Turudi kwako, na tuichukue miezi minne iliyobaki kama ilivyo.

Jambo la kwanza ni haki yake katika tathmini. Wewe huwezi kumpima sawasawa mtu unayemuwaza usiku, nakuambia kweli. Utampandisha kwa sababu unampenda, au utambana sana ili usionekane unampendelea, na yote mawili ni dhuluma. Nenda kwa ofisi ya rasilimali watu, au kwa meneja kama unamwamini kutunza siri, useme kwa ufupi: "Nina sababu binafsi inayonifanya nisiwe mtathmini mzuri wa mtu mmoja katika timu yangu. Yeye hajui na hajafanya lolote. Naomba kiongozi mwingine asikilize simu zake." Ukiona uzito kusema hivyo, kuna njia nyingine ambayo vituo vya simu vinaijua. Pendekeza viongozi wa zamu mbadilishane nusu ya timu kwenye kusikiliza simu, au mfanye vikao ambamo watathmini wawili wanasikiliza simu ile ile na kulinganisha alama. Lengo ni kwamba alama zake zitoke kwenye mkono ambao hauna moyo ndani yake, na asitengwe yeye peke yake kiasi cha wenzake kuanza kuuliza kuna nini. Kitu kimoja usikifanye: usiombe ahamishwe yeye. Mapenzi ni yako, gharama ya kuyasogeza iwe yako.

Na katika ratiba, usimpe zamu nzuri. Utashawishika. Utaona ni wema mdogo, Jumapili moja ya mapumziko, na hutakuwa umemwambia mtu. Lakini timu husoma ratiba kwa makini kuliko unavyofikiri. Zamu nzuri tatu mfululizo zinatosha kuanzisha maneno, na siku mkataba wake utakaporefushwa, jasho lake lote la mwaka mzima litaitwa upendeleo wako. Huyo dada uliyeniambia ni mchapakazi atabaki kazini na sifa iliyochafuka, na hata hajawahi kukukubali.

Jambo la pili ni kusubiri mambo mawili yatokee yote: mkataba wake uwe umeshaamuliwa na kusainiwa, na wewe uwe huna tena kazi ya kumpangia zamu wala kumpima. Moja bila jingine halitoshi. Akipata mkataba mpya akabaki chini yako, tuko pale pale. Kama nafasi ikijitokeza uhamie timu nyingine, iombe. Na usimwambie kamwe kwamba ulihama kwa ajili yake. Deni ambalo mtu hakulikopa ni zito kulikataa.

Mambo hayo yote yakishatimia, na kama kwenye zile meseji na mazungumzo yenu yeye naye ameonyesha kukutafuta, mwalike. Fanya hivyo ana kwa ana, mwisho wa siku ya kazi, mahali penye watu wanaopita lakini wasiosikia. Isiwe ndani ya gari lako wala kwenye chumba cha mikutano mlango ukiwa umefungwa, na isiwe mbele ya wenzenu watakaopiga vigelegele mpaka akose pa kutokea. Sema maneno mafupi, kwa mfano: "Ningependa tukutane siku moja nje ya kazi, sisi wawili, kama watu wanaotaka kufahamiana. Si lazima unijibu leo. Usiponijibu nitaelewa, na sitauliza tena." Kisha aga, uondoke wewe kwanza. Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu inamruhusu akatae bila kulazimika kutamka hapana.

Ndiyo utaitambua kwa kuwa itakuja na siku, au na swali, au na meseji yake mwenyewe. Kisichofanana na hivyo ni hapana. Na hapana ikija, kazi yako kubwa ni wiki mbili zinazofuata. Usimnunie. Usiache kumsalimu, usianze kumjibu kwa neno moja, usimtoe kwenye kundi la mazungumzo, usimweleze rafiki yako wa kazini. Nimeona wanaume waungwana walioalika vizuri kabisa wakaharibu hapo, kwa ubaridi tu, na mwanamke akaja ofisini kwangu kuuliza amekosa nini. Kama unahisi hutaweza kubeba hapana bila uso wako kubadilika, basi hujawa tayari kuuliza.

Akikubali, msifiche kwa muda mrefu. Mkiona mambo yanaelekea kuwa ya kweli, nendeni wote wawili ofisi ya rasilimali watu, mseme wenyewe kabla hawajasikia kwa wengine. Katika kesi nyingi nilizoziona, uhusiano wenyewe ulisameheka. Uficho ndio ulioleta barua ya onyo. Na ikitokea baadaye ukarudishwa kwenye nafasi ya kumsimamia, utakayeomba kuondolewa ni wewe.

Imebaki hali moja ambayo hukuigusa, nayo inawezekana: mkataba usirefushwe, aondoke. Utadhani njia imefunguka siku hiyo hiyo. Bado. Mtu aliyepoteza kazi atahitaji barua ya mapendekezo, na huenda wewe ndiye unayeijua kazi yake kuliko wote. Iandike barua hiyo kwanza, kwa haki, meneja aisaini, aipate mkononi, na mwajiri mpya akipiga simu kuulizia awe na namba ya meneja na siyo yako. Mpe muda apumue na aanze kutafuta kazi. Ukishakuwa huna chochote anachokihitaji kutoka kwako, mwandikie mwaliko ule ule, mchana, mara moja.